Nilivyouandikia mgahawa ujumbe wa kuweka nafasi kwa watu 26

Nilipokabidhiwa kazi ya kutafuta mahali pa chakula cha jioni cha kuwaaga wenzetu wawili waliokuwa wanastaafu, nilianza na wageni kabla ya kuuandikia mgahawa. Nilimwuliza kila mmoja faraghani ni chakula gani asichokula na kwa sababu gani, kwa kuwa sababu ndiyo inayomwelekeza mpishi. Asiyependa samaki atatosheka akipewa sahani nyingine, lakini mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika kwa chembe iliyobaki kwenye kijiko.

Majibu yalinipa picha hii: watu 18 hawakuwa na sharti lolote, wanne hawali nyama wala samaki, wawili hula nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu tu, mmoja ana mzio mkali wa karanga, na mmoja ana ugonjwa wa siliaki, ambao humlazimu kujiepusha kabisa na ngano, shayiri na nafaka ya rai.

Aya ya kwanza ya ujumbe ilikuwa fupi: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuanza kula, idadi ya watu, na ombi la meza zilizounganishwa. Nilieleza pia kwamba idadi ingeweza kupungua kwa watu wawili, nikauliza siku ya mwisho ya kuithibitisha, kwa sababu baada ya siku hiyo migahawa mingi hutoza hata viti vitakavyobaki vitupu.

Kuhusu vyakula, niliomba menyu maalumu ya kikundi, yaani sahani chache zilizochaguliwa mapema. Watu 26 wakiagiza kila mmoja lake kwenye orodha nzima, jiko huelemewa, wa kwanza humaliza kula kabla wa mwisho hajahudumiwa, na gharama haitabiriki. Nilipendekeza chakula cha kutangulia kimoja kwa wote, vyakula vikuu vitatu vya kuchagua, kimojawapo kisicho na nyama, na matunda mwishoni, nikaahidi kuwatumia chaguo la kila mgeni.

Aya ya bajeti niliiandika kwa uangalifu mkubwa. Nilitaja kiwango cha juu kwa kila mtu, kisha nikaongeza: “Tafadhali tuelezeni kama bei mtakayotupa imejumuisha kodi, tozo ya huduma, maji na vinywaji baridi. Vinywaji vingine kila mgeni atajilipia, hivyo tunaomba visiingizwe katika hesabu ya kikundi.” Bila sentensi hizo bei huonekana nafuu kwenye barua na hupanda siku ya kulipa, hasa kwa upande wa vinywaji, ambavyo ndivyo vigumu kuvikadiria. Niliuliza vilevile kuhusu malipo ya awali na masharti ya kurudishiwa.

Sehemu iliyonichukua muda mwingi zaidi ni ya masharti ya chakula. Niliepuka kuandika “wachache wana mzio”, kwa sababu mpishi hawezi kuifanyia kazi kauli hiyo. Niliandika hivi: “Mgeni mmoja ana mzio mkali wa karanga. Tunaomba chakula chake kiandaliwe kwa vyombo na mafuta ambavyo havijagusa karanga. Mgeni mwingine ana ugonjwa wa siliaki na hawezi kula ngano, shayiri wala rai hata kwa kiasi kidogo, ikiwemo iliyomo kwenye sosi, supu na unga wa kupakia vyakula vya kukaanga. Je, jiko lenu linaweza kuwahudumia wote wawili kwa usalama? Ikiwa haliwezi, tunaomba mtueleze sasa.”

Swali hilo la mwisho naliona ndilo kiini cha ujumbe wote. Mgahawa ukiombwa tu “kuzingatia” masharti, hujibu kwamba hakuna tatizo, na jibu hilo halionyeshi kama mpishi ameusoma ujumbe. Kwa wale wawili wanaokula nyama ya halali tu niliuliza nyama inatoka wapi na kama kuna sosi inayopikwa kwa mvinyo. Kwa wasiokula nyama niliuliza supu ya mboga hupikwa kwa mchuzi gani.

Jibu lililokuja lilionyesha kwamba jiko limeulizwa. Viazi vyao vya kukaanga hutumia mafuta yaleyale yanayokaangia samaki waliopakwa unga wa ngano, kwa hiyo mgeni wa siliaki alipangiwa viazi vya kuchemsha katika sufuria ya peke yake. Supu ya mboga ilikuwa na mchuzi wa mifupa ya kuku, nao wakaahidi kupika nyingine. Nyama ilikuwa halali, isipokuwa sahani moja yenye mvinyo, ambayo tuliiondoa. Niliwajibu nikirudia makubaliano yote pamoja na bei, kisha nikawatumia mpango wa viti ulioonyesha wageni wenye masharti watakaa wapi, ili mhudumu apeleke kila sahani kwa mwenyewe bila kuuliza mezani.