Siku moja kwenye depo isiyoweka kitu

Jirani yangu wa Katuba alipita kazini siku moja, akachungulia ndani, akaniuliza: "Mama, depo yenu iko tupu, sasa munachunga nini?" Nilicheka, kwa sababu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote kwetu. Kwenye gati hizi za Lubumbashi mzigo hauhifadhiwi. Unashuka kwenye kamio ya msambazaji, unavuka sakafu, unapanda kamio ya duka la Likasi, Kolwezi, Kipushi au la hapa mjini. Kwenye karatasi za ofisi wanaita kros-doki. Sisi tunasema "kupitisha". Depo hii haina tumbo, ina koo tu, na koo likikwamwa kila mtu anakohoa.

Saa 11 alfajiri. Baridi ya mwezi wa sita, vijana wamevaa kofia za sufu. Nafagia kwa macho yale mastatili yaliyochorwa kwa rangi sakafuni, moja kwa kila duka. Yote matupu. Vizuri.

Saa 12 kasorobo inaingia sabuni kutoka kiwanda cha humu humu mjini. Paleti 12, yaani majukwaa ya mbao yaliyopangwa katoni juu yake, kila moja imefungwa plastiki na ina etiketi ya duka lake. Jana jioni walishatutumia orodha ya paleti zote, kwa hiyo skana ikisoma ile namba ya tarakimu 18 ya paleti, inajibu papo hapo inakwenda wapi. Hakuna kufungua, hakuna kuhesabu katoni. Dakika 22 tumemaliza, shofa hajamaliza hata chai. Sukari na unga vinafuata vivyo hivyo.

Hii inawezekana kwa sababu maduka yaliagiza kabla msambazaji hajapakia, na sabuni inatoka kila wiki kwa kiasi kilekile. Dawa ya viatu, ambayo duka zima linauza katoni tatu kwa mwezi, haipiti kwetu. Hiyo inakaa kwenye depo kubwa ya nyuma na kuitwa inapohitajika.

Saa 12 na nusu ilikuwa zamu ya kamio ya vyakula kutoka Zambia, iliyovuka Kasumbalesa jana yake. Paleti 26, aina 14 za bidhaa, katoni 1,248. Haikuja. Saa 1, kimya. Saa 2 shofa anapiga simu: ekseli imevunjika njiani, lakini "nimepata kamio ingine, mama, tuko tunahamisha".

Nikakaa chini. Wale vijana wa kamio walidhani nimechoka.

Saa 4 na nusu kamio ya pili inarudi kinyumenyume gati namba 2. Tunafungua mlango: ukuta wa katoni, kutoka sakafuni hadi dari, maziwa ya unga juu ya biskuti, biskuti juu ya mafuta. Hakuna paleti hata moja, zimebaki porini. Shofa anashuka akitabasamu, ameshika mfuko wa sandarusi uliojaa plastiki zilizokatwa kwa kisu, etiketi zote 26 bado zimebandikwa juu yake.

"Mama, sikupoteza karatasi hata moja."

Ni mzee wa heshima, amekesha barabarani akisimamia vibarua. Nilimshukuru kwa dhati. Halafu nikachukua plastiki moja, nikaipitisha chini ya skana ili kijana wangu mpya aone. Ikasoma sawasawa: Kolwezi, paleti ya 3, katoni 48. Mashine inaona paleti. Mimi naona kipande cha plastiki. Etiketi iliyoachana na mzigo wake ni mbaya kuliko kukosa etiketi, maana inadanganya kwa ufasaha. Mfuko nikaufungia ofisini ili mtu asije akaskani etiketi zote 26 na kuuambia mfumo kwamba kila kitu kimepita.

Hapa ndipo mchezo wa kupitisha unapokatika. Msambazaji huyu anaandika jina la duka kwenye paleti peke yake. Katoni zenyewe hazisemi chochote: katoni ya biskuti ya Kipushi na ya Kolwezi ni mapacha. Paleti ikivunjwa njiani, maarifa yote yaliyotumwa jana yanavunjika nayo, inabaki idadi tu.

Basi tukarudi kwenye idadi. Nilichora jedwali kwenye ubao kwa chaki, aina 14 kwenda chini, maduka matano kwenda kulia. Kila katoni inayoshuka, mtu anataja jina lake kwa sauti, ninaweka mstari. Swali ni nani ashibe kwanza. Nilianza na Kolwezi, katoni 384, kwa sababu ni kilomita kama 300 na kamio yake huondoka saa 7. Kisha Likasi, Kipushi, na maduka mawili ya mjini mwisho kabisa. Ikipungua kitu, pengo liangukie mjini, ambako kesho naweza kuliziba hata kwa pikapu.

Kutoka hapo saa sikuiangalia sana. Najua bukari na sombe vililetwa na vikapoa. Najua ofisi ilipiga mara nne, mtu yuleyule, swali lilelile: "Mbona haitoki? Si ni kupitisha tu?" Najua kamio ya pili ya unga ilifika ikakosa pa kushushia, kwa sababu sakafu yote ilikuwa katoni, ikasimama nje ikizuia geti, na shofa wake akaja kunifokea mimi.

Saa 8 na nusu Kolwezi ilikuwa imetimia, isipokuwa katoni 20 za maziwa. Hazionekani. Shofa wa Kolwezi anataka kupita Likasi kabla giza halijaingia. Nikaamua: nenda. Nikapunguza idadi kwenye bordero ya mzigo wake kwa mkono, nikatia sahihi, akaondoka.

Dakika 40 baadaye tukafika mwisho wa kamio, kule kwenye pua. Maziwa. Yalipakiwa kwanza, kwa hiyo yakashuka mwisho. Nikakaa juu ya katoni mojawapo, nikala ile bukari baridi.

Jumla ilikuwa 1,241. Saba hazipo, zote margarini. Yule mzee wa asubuhi alitaka nisaini 1,248 kama karatasi yake inavyosema. "Mama, nitakatwa mshahara." Nilimwelewa, lakini ningesaini bila kuandika pengo, kesho duka lingeniuliza mimi. Niliandika saba kwa maneno na kwa tarakimu, na chini yake nikaongeza kwamba mzigo ulihamishwa njiani na shofa alitoa taarifa mwenyewe saa 2 asubuhi. Aliisoma mara mbili, akasaini.

Usiku, kabla ya kufunga, niliwaandikia tena wasambazaji hawa wa vyakula: bandikeni alama ya duka kwenye kila katoni, hata herufi moja ya rangi. Jibu lilikuja haraka kuliko mzigo wao. Wanauliza stika 1,248 atalipa nani.

Saa 2 tunazima taa. Maziwa 20 ya Kolwezi yamelala ndani ya mstatili wa Likasi, nimeyaandika K kubwa kwa chaki. Kesho saa 12 kasorobo sabuni inashuka palepale.