Arobaini na nane kati ya hamsini

Kazi yangu ni kupima kumbukumbu za watu, na barua ya kikoba iliyonifikia ilikuwa fupi. Mweka hazina wao anasema hakumbuki alikoweka shilingi 640,000. Je, kweli anasahau, au anajisahaulisha? Mzee mwenyewe, miaka 71, aliteremka Moshi kutoka Kibosho akiwa na binti yake, kavaa koti la kanisani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, mimi si mwizi."

Nilimsomea maneno kumi, mara tatu. Alirudisha manne, kisha sita, kisha saba. Tukahamia kwenye njiti nne za kiberiti, akazipanga kufuata umbo nililomwonyesha bila kosa hata moja. Nilipomrudisha kwenye yale maneno, aligeuzageuza kofia yake mapajani kwa muda mrefu, akatoa moja tu.

Nikayachanganya yale kumi na mengine kumi mapya, aniambie yapi nilimsomea. Hapo ndipo huwa natega sikio. Mwenye huzuni nzito mara nyingi hushindwa kulitoa neno mwenyewe, lakini akilisikia hulitambua. Mzee alitambua sita, na akakubali manne ambayo sikuyasoma kabisa. Maneno yenyewe hayakuwa yamehifadhiwa.

Lakini anayejifanya naye angeweza kuniletea alama hizo hizo. Kwa hiyo nilimwonyesha picha 50, kisha kila moja ikiwa pamoja na nyingine ngeni, achague aliyoiona. Jaribio hili linaonekana gumu, kumbe ni jepesi, hata kwa wengi ambao kumbukumbu imeanza kufifia. Anayebahatisha hupata kama 25. Anayeshuka mbali chini ya hapo analijua jibu na analikwepa. Zoezi lote hurudiwa, na katika duru hiyo ya pili, chini ya 45 naanza kutia shaka. Mzee alipata 48.

Binti alinieleza ya nyumbani: baba bado anakamua ng'ombe, anapanda daladala peke yake, anameza dawa za presha kwa wakati. Hesabu ndizo zinamponyoka. Ada ya mjukuu aliituma kwa simu mara mbili.

Niliandika kwamba kumbukumbu imepungua kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake na elimu ya darasa la saba, ila bado anajitegemea, hivyo sikuiita demensia. Nikapendekeza damu ipimwe vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, kaswende na VVU, kwa kuwa baadhi ya visababishi hutibika. Hazina ishikwe na mwingine. Vipimo virudiwe baada ya mwaka.

Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeongeza: "Kwa hiyo hakuchukua fedha." Niliufuta mstari huo, na uliniuma. Ile 48 inasema alijitahidi kwa dhati asubuhi ile. Fedha zilikwenda wapi, haijui.

Nilipomsomea ripoti, aliomba ile namba niiandike kwenye kikaratasi cha peke yake. Akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa ndani wa koti.