Kamba, timazi na swali la Mzee Bakari

Harusi ya Mwanaidi imepita salama, mwalimu mkuu mpya ameripoti, na Kisauni maji yamerudi. Hayo nitayaandika nikipata nafasi. Nilicho nacho kichwani tangu Ijumaa ni Mzee Bakari, babake Saumu, aliyesimama katikati ya hotuba yangu siku ya hisabati na kofia yake mkononi.

Mnajua nilivyokuwa nimeiandaa. Sikutaka ubao. Nilichukua uzi wa waashi na tepu, nikawaita watoto watatu tukaweka nyumba ya mita 9 kwa 12 pale ukumbini kwa chaki. Nikawaonyesha fundi anavyopata kona: kutoka kwenye kigingi apime mita 3 upande huu, mita 4 upande wa pili, kisha asogeze uzi mpaka kutoka alama hadi alama iwe mita 5 kamili. Tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, kona imekaa. Nikawaambia pia kwa nini fundi mzoefu hatumii pembetatu ndogo ya sentimita 60, 80 na 100. Ukikosea sentimita moja tu kwenye ule upande wa 100, ukuta wa mita 9 utaishia sentimita 19 nje ya mstari. Pembetatu ikiwa ya mita 6, 8 na 10, kosa lilelile linakutoa chini ya sentimita 2. Mwisho tukapima kona kwa kona, zote mbili zikaja mita 15, watoto wakapiga makofi.

Hapo ndipo mzee akainuka.

"Mwalimu, samahani. Sakafu hii iko sawa. Kiwanja kikiwa na mteremko, kamba utaishika wapi?"

Nikamjibu kuwa itashikwa juu, ilale sawa na maji, isifuate ardhi.

"Haya. Na hiyo ncha iliyo juu, chini utaishushaje?"

Kabla sijafungua mdomo, Saumu akapaza sauti kutoka nyuma: "Timazi, baba!" Ule uzi wenye uzito mwishoni, unaoning'inia wima.

Saumu huyuhuyu, jamani, ambaye tangu muhula uanze sijamsikia akijibu swali darasani. Ukumbi mzima ukacheka, mzee akacheka mpaka akafuta macho. Akauliza la tatu: "Na fundi asiyefanya hivyo, itamtokea nini?" Nikavuta pumzi nijibu, na naibu wa mwalimu mkuu akanigusa bega: muda umekwisha, kuna kwaya.

Nimelijibu swali lile jikoni, kwenye matatu, na juzi kwenye foleni ya feri nikiongea peke yangu, mama mmoja akasogea mbali nami. Basi wacha nilijibu hapa.

Chukua kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Kule ng'ambo viwanja kama hivyo vipo. Fundi amelaza tepu juu ya udongo. Kama mteremko unafuata ukuta mmoja moja kwa moja, kona yake itakuwa sawa, ila ule ukuta wa mita 12 utapungua sentimita 6 hivi, kwa sababu amepima urefu wa mteremko na nyumba inasimama juu ya sakafu iliyo sawa. Hiyo ni hasara ndogo. Balaa ni mteremko unaokata kiwanja kona kwa kona. Hapo pembetatu yake ya 3, 4 na 5 ni sahihi kabisa juu ya udongo. Akipima kona kwa kona juu ya udongo, atapata 15 na 15. Tepu itamkubalia kila kitu, na nyumba imekwenda upande.

Inajulikana lini? Msingi ukishapanda mpaka kozi ya kwanza ya mawe iliyo sawa. Apime tena hapo juu ya mawe, na ile mishazari miwili itatofautiana karibu sentimita 7. Ukuta wa mita 9 utakuwa umepinda zaidi ya sentimita 4 kutoka kwenye kona. Asipopima hapo, atakuja kuambiwa na fundi wa vigae, maana vigae vya mstari wa mwisho itabidi vikatwe, kila kimoja chembamba kidogo kuliko kilichotangulia, kama kabari ndefu. Wakati huo paa limeshapanda, na mwenye nyumba analaumu vigae.

Wanaojua kazi hupigilia mbao nje ya kiwanja, wakazisawazisha kwa mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani, kisha wakavuta uzi juu yake ukazike. Vipimo vyote vinachukuliwa kwenye uzi, na kila nyuzi mbili zinapokutana wanaangusha timazi hadi chini. Uzi lazima ukazwe kwelikweli, ukining'inia katikati unaongeza urefu. Hili la mwisho nilitaka sana kulisema, kwa sababu nilimwona mzee akiangalia uzi wetu ulivyolegea mkononi mwa Juma.

Sehemu ya wakulima nayo ilikwenda mbio. Nilisimulia shamba la marehemu babu kule Msambweni na minazi yake ya pembetatu. Unapanga vigingi mstari mmoja kila mita 9, halafu watu wawili wanashika kamba za mita 9 kwenye vigingi viwili vinavyofuatana, na kamba zinapokutana ndipo mnazi wa mstari wa pili. Mistari inakaribiana, inakuwa mita 7.8 badala ya 9, na bado kila mnazi una mita 9 zake pande zote. Ekari sikuzitaja, nilitumia hekta: kwa miraba unaingiza minazi 123, kwa pembetatu 143 hivi. Shamba lile lile, kamba ile ile. Na mkulima hana haja ya timazi, mnazi ukikaa sentimita 4 kando hakuna kigae cha kumshitaki. Wale watoto wa Gredi ya 7 walilipenda hili kuliko nyumba, sijui kwa nini. Labda ni madafu.

Mwanzo nilikuwa na kinyongo na naibu, nisiseme uongo. Mnakumbuka mambo ya ratiba ya mwaka jana. Lakini jana jioni nilimkuta Mzee Bakari pale kituoni, ndoo ya vyombo mkononi, mwiko umechomoza. Nikamwambia, mzee, lile swali lako la tatu sikulijibu. Akasema, "Ah, mwalimu, lile nilikuwa namuuliza Saumu. Tulimaliza nyumbani." Kumbe msichana alichukua sinia ya mamake, akaiinamisha juu ya kitabu, akachora pembe kwa kalamu juu ya sinia na kuichungulia kutoka juu mpaka akaiona imepanuka. Sinia ya watu! Nikamuuliza mamake alisema nini, akaangalia pembeni.

Sasa nataka Jumatatu nianze kipindi na sinia. Lazima iwe ya bati, na kalamu ya kufutika, na mtoto achungulie kutoka juu kabisa, akiwa upande haoni kitu. Mbili zinatosha, naweza kuazima kwa Bi Zuhura.

Mama amekohoa tena usiku kucha. Anasema ni vumbi la vitambaa vya harusi, na Mwanaidi anamuunga mkono. Harusi imeisha wiki nzima, na cherehani haijafunuliwa tangu siku ile. Kesho nampeleka, apende asipende, ila sijui nani atanishikia kipindi cha asubuhi.