Ubao wa nyuma ulipogota katikati: nilivyotafuta kosa kwa picha na maelezo

Mdogo wangu aliponitumia picha za kurasa za maelekezo ya rafu ya vitabu, aliambatanisha sentensi moja tu: "Kaka, ubao wa nyuma umekataa kuingia." Rafu yenyewe ilikuwa imesimama, skrubu zote zimekazwa, na imebaki hatua ya mwisho ya kuteremsha ubao mwembamba kutoka juu ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye mbao mbili za pembeni. Nilizitazama picha zile, lakini sikuanza kulinganisha hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu maelekezo huonyesha tu kazi inavyotakiwa kuwa. Nilichohitaji kwanza ni kujua ubao unakataaje.

Nilimuuliza unagotea wapi, na kama unagota upande mmoja au pande zote mbili kwa pamoja. Alijibu kwamba unateremka vizuri, bila hata kusukumwa, hadi kwenye rafu ya katikati, kisha unasimama ghafla kwa upana wake wote. Jibu hilo liliondoa washukiwa wawili. Kama fremu ingekuwa imekaa mshazari, ubao ungezidi kukaza kadiri unavyoshuka, na kona moja ingetangulia kugoma. Hapo ningemwambia apime kutoka kona hadi kona kwa mshazari, kwani vipimo viwili vikitofautiana fremu haiko sawa. Kama ubao mmoja wa pembeni ungekuwa umegeuzwa, mfereji wake usingekuwa mahali pake na ubao wa nyuma usingeanza hata kuingia. Akabaki mshukiwa mmoja, rafu ya katikati, nami nikarudi kwenye picha kutafuta hatua inayoihusu.

Ilikuwa hatua ya 3. Kwa bahati mbaya picha ya ukurasa huo ilikuwa na mng'ao wa taa uliofunika kile kiduara kinachokuza sehemu ndogo ya mchoro, na mara nyingi kiduara hicho ndicho chenye onyo lenyewe. Nilimwomba aulaze ukurasa mezani karibu na dirisha, azime mwanga wa simu, apige kutoka juu kabisa, na kingo zote nne za karatasi zionekane. Picha ya pili ilionyesha kwamba matundu mawili kwenye kila ncha ya rafu hayako katika umbali sawa na kingo: la mbele liko mbali zaidi na ukingo wa mbele kuliko la nyuma lilivyo na ukingo wa nyuma.

Hapo ndipo mtego ulipo. Rafu ile ukiizungusha ili nyuma iwe mbele, matundu yake bado yanakutana na skrubu za pembeni, kwa maana umbali kati ya tundu na tundu haubadiliki. Kingo zote mbili zilikuwa na utepe wa rangi, kwa hiyo jicho halikuwa na la kushuku. Kilichobadilika ni mahali rafu ilipokaa: imerudi nyuma na kuziba njia ya ubao. Sikutaka kumfanya avunje kazi kwa kukisia, kwa hiyo nilimwambia aweke rula mbele, kwenye ukingo wa ubao wa pembeni, apime rafu imeingia ndani kiasi gani. Mchoro ulionyesha rafu ikiwa sawasawa na ukingo huo. Akajibu, "Imeingia milimita 12, na huku nyuma ndiko iko sawasawa." Basi.

Marekebisho hayakuhitaji kubomoa kila kitu. Aliutoa ubao wa nyuma, akailaza rafu nzima ubavu, na kwa upande wa juu peke yake akalegeza kwa bisibisi zile kufuli za duara zinazobana skrubu, akizizungusha kinyume cha saa hadi mshale wa kila moja ukatazama ukingo ambao skrubu huingilia. Nilimsisitizia auinue ubao wa pembeni kwa usawa, mkono huku na mkono kule, kwa sababu mbao hizi za unga wa mbao uliogandamizwa hupasuka tunduni zikivutwa kwa kona. Kisha alilegeza kufuli za upande wa chini za rafu ya katikati tu, akaizungusha, akafunga tena. Iliwezekana kwa kuwa vijiti vya mbao vinavyounganisha vipande havikuwa vimetiwa gundi. Vingekuwa na gundi, ingekuwa afadhali kupunguza ubao wa nyuma ukaishia kwenye rafu, na kipande cha pili kikaingizwa kutoka chini, kuliko kulazimisha.

Ubao uliteremka hadi chini, na hapo tu ndipo nilipomwambia apigilie misumari.