Timu zilipoanza kuona bili zao, ndo mashine zikaanza kupungua saizi

Kazi yangu ni kuangalia matumizi ya klaudi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa natuma jedwali la mashine za AWS zinazokaa bure, yaani seva kubwa, CPU inacheza asilimia 5 au 6, halafu hakuna anayejibu. Nilidhani watu wanazembea, kumbe jedwali langu halikumhusu mtu yeyote, lilisema tu kampuni inapoteza hela, na kampuni si mtu wa kuamka asubuhi akazime seva.

Nikaamua kila timu ipate ripoti yake ya mwezi, kuonyesha tu, hakuna anayekatwa bajeti. Kila mashine na diski inawekewa tagi ya `timu`, kisha tagi hiyo unaiwasha kwenye sehemu ya bili (Cost allocation tags), usipoiwasha hapo haitokei kwenye ripoti hata kama mashine zote zinayo. Na ukiweka tagi leo haiendi kuandika upya matumizi ya jana, kwa hiyo mwezi wa kwanza utakuwa na mapengo tu, vumilia.

Ripoti ya kwanza niliharibu. Nilichukua gharama kama zinavyokuja kwenye Cost Explorer, Unblended costs, na sisi tulikuwa tumenunua Savings Plans, yaani mkataba wa kuahidi kiasi cha matumizi ili upate punguzo. Matokeo yake namba za timu ambayo mashine zake zilifunikwa na ule mkataba hazikuonyesha gharama yake halisi, na ada ya mkataba wenyewe ikakaa kwenye mstari usio na mwenyewe. Timu nyingine wakaiona hiyo ndani ya dakika 10, na kuanzia hapo hata namba zilizokuwa sahihi hawakuziamini. Nikabadilisha kwenda Amortized costs, ambapo ile ada inagawanywa kwa mashine zilizofaidika nayo, nikaituma upya na maelezo ya nilichokosea. Vitu visivyo na tagi sikuvigawa kwa usawa, maana ukimbebesha mtu gharama ya seva asiyoijua anaacha kusoma ripoti nzima. Niliviweka mstari wa peke yake, halafu nikawa natafuta kwenye CloudTrail, kumbukumbu ya nani alifanya nini, nione nani aliita `RunInstances`, amri ya kuwasha seva mpya, ila historia yake ya kawaida inarudi nyuma siku 90 tu, seva za zamani ilibidi niulize mdomo kwa mdomo.

Kitu kilichosaidia zaidi ni kuweka chini ya jumla ya kila timu mashine 3 zinazokula zaidi, kwa majina. Jumla mtu anaitazama na kupita, ila akiona jina la seva aliyoiwasha mwenyewe anasimama.

Siku mbili baadaye kiongozi wa timu ya ripoti, dada mmoja makini sana, akaniandikia: "Kaka, hii m5.2xlarge ndo robo ya bili yetu kweli? Tuipunguze, lakini usiniulie kazi ya usiku." Hapo ndo tukakaa na data.

m5.2xlarge ina vCPU 8 na memori GiB 32. Wastani wa CPU ulikuwa asilimia 6, na ukiangalia wastani peke yake unaweza kuikata mara nne bila wasiwasi, ila wastani unaficha saa moja ya usiku ndani ya saa 23 za usingizi. Kwa hiyo nilivuta wastani na kilele pamoja kwa kila saa, siku 45, maana siku 14 zinaweza kuruka mwisho wa mwezi na kazi za ripoti mwisho wa mwezi ndo moto wenyewe:

```
aws cloudwatch get-metric-statistics \
  --namespace AWS/EC2 --metric-name CPUUtilization \
  --dimensions Name=InstanceId,Value=$ID \
  --start-time $MWANZO --end-time $MWISHO \
  --period 3600 --statistics Average Maximum
```

Kilele kilikuwa asilimia 41, saa saba usiku. Asilimia 41 ya vCPU 8 ni kama vCPU 3 na kidogo, kwa hiyo 4 zinatosha, zitafika asilimia 80 hivi kwa muda mfupi. Ningeishia hapo ningechagua m5.xlarge, nusu ya bei, na ningeiua ile seva, kwa sababu CloudWatch haikuonyeshi memori ya mashine mpaka uweke ajenti yake ndani. Tukaiweka, tukasubiri mwisho wa mwezi mmoja upite, ikatoka memori inafika GiB 22. m5.xlarge ina 16. Basi tukaenda r5.xlarge, vCPU 4 na memori ile ile 32, inapunguza gharama kama theluthi badala ya nusu. Mkataba wetu ulikuwa Compute Savings Plans ambao haujali umehama familia gani, ungekuwa EC2 Instance Savings Plans wa m5 tungehamia r5 huku ahadi ya m5 inaendelea kulipwa.

Tukazima, tukabadilisha aina, tukawasha. Mchana wote shwari. Asubuhi yake ripoti za timu ile zimetoka nusu tupu.

CPU sawa, memori sawa, nikakaa naangalia grafu sielewi. Kazi ya usiku ilikuwa inaanza saa saba na kumaliza dakika chache kabla ya saa nane, na saa nane kamili kuna kazi nyingine inachukua namba na kuzituma, safari hii ile ya kwanza ilimaliza saa nane na dakika 20. Jibu lilikuwa kwenye kipimo ambacho sikuwahi kukifungua, `EBSByteBalance%`, asilimia ya akiba ya kasi ya diski iliyobaki kwa mashine. Mashine ikishuka saizi, njia yake ya kwenda kwenye diski nayo inapungua: m5.2xlarge ina uhakika wa Mbps 2,300 muda wote, r5.xlarge ni 1,150. Zote zinaweza kupanda mpaka 4,750 kwa muda kwa kutumia akiba, ndo maana dakika 40 za kwanza zilikuwa kawaida kabisa, kisha akiba ikagonga sifuri na usomaji wa diski ukaanguka. Diski yenyewe ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko huo, kwa hiyo kuiongezea kasi kusingesaidia kitu, mlango ulikuwa kwenye mashine.

Usiku uliofuata tukairudisha kwenye saizi ya zamani, nilitaka watu wapate ripoti zao kwanza. Ila yule dada hakuridhika, namba alishaiona. Akafungua kazi yenyewe akakuta inasoma jedwali la miaka yote mara 3, mara moja kwa kila ripoti, wakati inahitaji rekodi za siku moja tu. Injinia wake akarekebisha kwa siku 2. Tukahamia r5.xlarge tena, safari hii nimeweka alamu `EBSByteBalance%` ikishuka chini ya 30, kazi ikamaliza kwa dakika 11 na akiba haikushuka chini ya 90, na ile ya saa nane sasa inasubiri ya kwanza imalize badala ya kutegemea saa.

Mwezi uliofuata ile seva haikuwepo tena kwenye tatu bora za timu yake. Aliyeniandikia safari hii alikuwa wa timu ile iliyokataa ripoti ya kwanza, anauliza seva zao za majaribio zinafanya nini Jumapili.