Barua mbili za kuachisha kazi, na maneno niliyoyafuta

Kazi yangu ni kushika makaratasi ya wafanyakazi katika kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Katika msimu mmoja niliandika barua mbili za kumaliza ajira: ya mweka stoo, ambayo ilitakiwa iwe kavu, na ya dereva wa lori, ambayo bosi alitaka iwe na huruma. Zote mbili zilinijia na rasimu ya bosi mwenyewe, na zote mbili nilizikatakata.

Ya mweka stoo kwanza. Hesabu ya stoo ilionyesha upungufu wa mifuko 62 ya saruji. Rasimu ya bosi ilisema, "Umekula mikononi mwetu kisha ukatuibia. Wewe ni mwizi na hatutaki kukuona hata getini." Chini akaorodhesha matawi yote ya Siaya, Busia na Kakamega yapate nakala, "ili asiajiriwe popote."

Nilimuuliza, "Mzee, tuna ushahidi kwamba yeye ndiye aliyechukua mifuko?" Hatukuwa nao. Tulichokuwa nacho ni karatasi: mara tatu saruji ilitoka stoo bila delivari noti yenye sahihi, na yeye mwenyewe alikubali hivyo kwenye kikao. Basi barua ingeweza kusema hilo tu.

Hapa ndipo waajiri wengi hujifunga bila sababu. Chini ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri hutakiwa kuthibitisha sababu ya kumwachisha mtu kazi, na sababu hiyo ni yale aliyoamini kwa dhati kwamba yapo wakati ule. Lakini ukimwita mtu mwizi, na maneno hayo yakamfikia mtu wa tatu, unaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina, na ukijitetea kwamba ulisema kweli, ni wewe utakayethibitisha wizi. Unajitwika mzigo ambao barua haikuuhitaji. Tena kifungu cha 44 kinataja, miongoni mwa makosa makubwa, kupuuza kazi au kuifanya kwa uzembe na isivyofaa. Kutoa mali bila karatasi kunaingia hapo vizuri, wala huhitaji kusema lolote kuhusu moyo wa mtu.

Barua iliyotoka ilisomeka hivi katikati yake:

"Katika kikao cha tarehe 14 Machi, ulichohudhuria pamoja na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua, ulikubali kwamba tarehe 3, 5 na 6 Machi ulitoa saruji stoo bila delivari noti iliyotiwa sahihi, kinyume cha kanuni ya 7 ya stoo. Ulieleza kwamba mteja aliagiza kwa simu. Kampuni imezingatia maelezo hayo na kuona hayatoshi, kwa kuwa kanuni hiyo hairuhusu agizo la simu. Ajira yako inakoma leo, tarehe 17 Machi, chini ya kifungu cha 44(4)(c) cha Sheria ya Ajira."

Zikafuata hesabu za mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyobakiza, vitu vya kurudisha, na jinsi ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Basi.

Kuna maneno ambayo hayaonekani kuwa matusi lakini niliyafuta vilevile. "Kwa makusudi" na "kwa ulaghai" yanadai kujua nia ya mtu. "Licha ya kukuvumilia mara nyingi" ni baya zaidi, kwa sababu linaleta makosa ya zamani ambayo hayakutajwa kwenye kikao. Kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Kosa jipya likichomoza ndani ya barua, mtu huyo hakupata nafasi ya kulijibu, na wakili wake ataanzia hapohapo. Hata "tunasikitika" nililitoa. Sentensi ya uamuzi ikianza na masikitiko inasikika kama mlango uko wazi bado, na haukuwa wazi.

Nakala za matawi zilikufa pia. Barua iliyofungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa mwenyewe haijasambazwa kwa mtu wa tatu. Mkurugenzi na mimi tuna sababu ya kikazi ya kuiona, na sheria hulinda mawasiliano ya namna hiyo mradi hayana chuki. Ule msemo wa "asiajiriwe popote" ungekuwa ushahidi wa chuki kwa maandishi ya bosi mwenyewe. Kwa matawi tuliandika mstari mmoja: fulani si mfanyakazi wetu tena, maombi ya stoo yapelekwe kwa fulani. Picha yake haikubandikwa getini wala kutumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Barua ya dereva ilikuwa ngumu kuliko hiyo, ingawa hakuna aliyekasirika. Lori lilikuwa limeuzwa, kampuni ikawa inakodi magari. Dereva alikuwa ametimiza miaka 9 kazini. Bosi aliandika, "Umekuwa baba kwetu. Umri nao umesonga, ni wakati wako wa kupumzika. Biashara ikichangamka tutakuita tena."

Maneno matamu, na mbili kati ya sentensi hizo zingetuponza. Kazi inapokoma kwa sababu nafasi imeondolewa, sababu ni nafasi, si mtu. Ukitaja umri wake, hata kwa upendo, umeandika sababu nyingine, na Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa umri. "Tutakuita tena" nayo ni ahadi. Mzee wa watu angekaa akingoja simu.

Nilianza na habari yenyewe, maana barua ikifungua kwa sifa msomaji hudhani anapandishwa cheo: "Lori ulilokuwa ukiendesha limeuzwa, na kampuni haitakuwa tena na nafasi ya dereva wa lori. Uamuzi huu hautokani na utendaji wako." Kisha tarehe ya mwisho, ambayo iliheshimu notisi ya mwezi mmoja kwake na kwa ofisi ya leba, kama kifungu cha 40 kinavyotaka. Kisha malipo, kila moja kwenye mstari wake: siku 15 kwa kila mwaka kamili, yaani siku 135, pamoja na likizo. Baada ya hapo ndipo shukrani, na niliipima kwa faili lake: "Katika miaka 9 hakuna mzigo uliopotea mikononi mwako. Kampuni inakushukuru." Mtu anajua unamshukuru kwa nini, na sentensi hiyo ina kumbukumbu nyuma yake.

Joto la ziada nililipeleka mdomoni. Nilimwita ofisini, nikamwambia, "Mzee, keti kwanza," nikamsomea barua yote, naye akauliza kuhusu likizo yake tukahesabu pamoja. "Umekuwa baba kwetu" bosi alimwambia mwenyewe, ana kwa ana.

Wote wawili walipata cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51: jina, kazi, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika tabia wala utendaji humo, nasi hatukuandika. Dereva tulimpa barua ya sifa kando, kwa hiari. Baadaye mwenye duka mmoja alipiga simu kuuliza habari za mweka stoo. Nikamsomea cheti. Akasema, "Hayo nimeyaona. Nataka kujua kama ni mwaminifu." Nikamjibu kwamba kwa simu tunathibitisha tarehe na kazi tu, kwa yeyote aliyewahi kuwa kwetu.