Usaili wa ulinzi: neno "mwizi" lilivyotaka kuniponza

Kazi ya ulinzi niliyo nayo sasa niliipata kwa usaili wa nusu saa, kwenye ofisi moja ya Chumbageni, Tanga. Cheti cha mgambo, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini walivipitia harakaharaka. Muda ulikwenda kwenye swali moja.

"Unalinda ghala peke yako," alisema mzee aliyenisaili, kwa sauti tu ulijua ni askari mstaafu. "Saa 8:10 usiku unasikia bati linabanduliwa nyuma. Papo hapo pikapu inapiga honi getini, dereva anasema katumwa na bosi. Unafanyaje?"

Ulimi uliniwasha kusema nakimbilia nyuma na rungu. Nikavuta pumzi kwanza.

"Geti silifungui, afande. Dereva namwambia asubiri nje, nashika namba ya gari. Kisha naita kwa redio: niko lindo gani, nimesikia nini, upande upi, saa ngapi. Napuliza filimbi, namulika tochi nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Gizani simfuati mtu."

"Mwoga wewe?"

"Sijui wako wangapi. Na nikitoka getini, pikapu inaingia."

"Redio ikiwa kimya?"

"Nampigia msimamizi. Asipopokea, polisi, 112."

Akanisukumia daftari: andika tukio hilo. Hapo ndipo nilipoteleza. Niliandika, "Mwizi alivunja bati akakimbia."

"Ulimwona akivunja?"

"Hapana."

"Sasa mwizi umemtoa wapi?"

Nikaanza kulifuta kwa kalamu mpaka lisisomeke; akanizuia. Kitabu cha matukio hakifutwi wala hakichanwi karatasi. Unapiga mstari mmoja, neno libaki linasomeka, unaweka saini pembeni. Siku ukifika mahakamani, neno lililofukiwa kwa wino litaulizwa kabla ya mwizi.

Nikaandika upya: "Saa 8:10 usiku nilisikia kishindo cha bati upande wa nyuma. Saa 8:12 nilitoa taarifa kwa redio. Saa 8:25 msimamizi alifika, tukakuta bati moja limebanduliwa. Sikuona mtu." Fupi, lakini kila neno naweza kuliapia.

"Umewahi kulala lindoni?" Swali hilo wengi hulikana, na msaili anajua. Nikamwambia ndiyo, mara moja, nilipokuwa nalinda duka Makorora. Asubuhi nilimweleza tajiri mwenyewe kabla hajahesabu mali, akanikata siku. Mzee hakusema kitu, aliandika tu.

Nimeshika kitasa niondoke, akaniita. "Ulipoingia, hapo mlangoni uliona nini?"

"Baiskeli mbili, moja haina kengele. Ndoo ya mchanga. Na mtungi wa kuzimia moto, ila pini yake haipo."

Akainuka kwenda kuangalia mwenyewe.